Barua ya kuomba radhi mzigo ukichelewa: mteja asiyejibu ahesabiwe anasubiri au arudishiwe pesa?

Umepokea pesa za watu, mzigo haujafika, na tarehe uliyoahidi inakaribia. Jambo la msingi umeshaliamua: utawaandikia wateja wote, utawaomba radhi, na kila mmoja atachagua kusubiri au kurudishiwa pesa yake yote. Wengi wakifika hapo huhangaika na maneno ya kuomba radhi. Kazi ngumu zaidi iko kwenye sentensi moja ya chini ya barua, ile inayosema mteja asipojibu utamhesabu vipi.

Wasiojibu hawakosekani. Kuna aliyebadilisha laini, aliye safarini, aliyeisoma barua akiwa kwenye daladala akasema atajibu jioni. Pesa zao unazo, na bila sentensi hiyo hawako upande wowote. Muuzaji anabaki na njia tatu:

- Barua ya kusubiri: asiyejibu anahesabiwa kuwa amekubali kusubiri.
- Barua ya kurudisha: asiyejibu anarudishiwa pesa yake.
- Barua ya kuuliza: asiyejibu anatafutwa kwa simu mpaka aseme mwenyewe.

Zote tatu ni za haki zikitumika mahali pake, na zote zinaweza kumtesa mteja au kumfilisi muuzaji zikitumika pasipo pake. Nitazipima kwa mfano mmoja wenye hesabu kamili, kwa sababu bila hesabu zote huonekana nzuri.

## Mfano wetu

Muuzaji wa Dar es Salaam alipokea oda za kulipia kabla Januari 2026: sufuria 40 za presha za umeme kutoka Guangzhou, kila moja shilingi 150,000. Jumla alipokea 6,000,000. Aliahidi kukabidhi 31 Machi. Kiwanda kilimwambia mzigo utatoka kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao mwaka huo ulikuwa 17 Februari. Haukutoka. Sikukuu hiyo hufunga viwanda kwa wiki kadhaa, wafanyakazi hurudi makwao mikoani, na kiwanda kikifunguliwa hukuta oda zimepangana. Sufuria zilifika kwenye ghala la wakala wa usafirishaji huko Guangzhou katikati ya Machi, zikisubiri kupakiwa kwenye kontena la kuchangia. Wakala anasema zitafika bandarini Dar es Salaam mwishoni mwa Aprili. Ukiongeza forodha, kufungua kontena na kugawa mizigo ya watu, tarehe mpya ya kukabidhi inakuwa 11 Mei, siku 41 baada ya ile ya ahadi.

Sasa fedha. Kiwanda kilishalipwa 85,000 kwa kila sufuria, yaani 3,400,000. Zimebaki 2,600,000. Wakala atadai usafiri na ushuru mzigo ukifika, tuseme 20,000 kwa kila sufuria, jumla 800,000. Hizo haziguswi, kwa sababu usipozilipa hakuna sufuria itakayotoka. Zinabaki 1,800,000, na ukigawa kwa 150,000 unapata watu 12.

Hiyo namba 12 ndiyo ya kuijua kabla hujaandika hata salamu. Inakwambia ni wateja wangapi unaoweza kuwarudishia leo bila kukopa na bila kuwakwamisha wanaosubiri.

## Tutakavyozipima

Uhakika wa tarehe mpya. Usiulize wakala kama mzigo "uko njiani". Uliza uko wapi hasa: ghalani, ndani ya kontena, au melini? Ukiwa umeshapakiwa, omba namba ya kontena, herufi nne zikifuatiwa na tarakimu saba. Kwa namba hiyo unaweza kufuatilia safari kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe. Wakala ambaye hawezi kukupa namba hiyo huenda mzigo wako bado anao ghalani, akisubiri kontena lijae, na hapo tarehe yake ni makisio.

Fedha. Barua inaweza kukudai kiasi gani kwa wakati mmoja, na unacho?

Asiyejibu anaumia kiasi gani. Aliyelipia sufuria ya nyumbani anaweza kuvumilia. Aliyelipia ili afungue kibanda cha chakula, au ampe mtu zawadi ya harusi Aprili, kila wiki inayopita inampunguzia sababu ya kununua.

Kazi ya kufuatilia. Nani atapiga simu, nani ataandika majibu, na kwa muda gani.

## Barua ya kusubiri

Sentensi yake ni hii: *"Tusipopata jibu lako hadi Jumatano 25 Machi, tutaelewa kwamba umekubali kusubiri. Hata hivyo unaweza kubadili mawazo na kudai pesa yako yote wakati wowote kabla hatujakukabidhi mzigo."*

Sehemu ya pili ya sentensi hiyo isiachwe. Bila hiyo, mtu aliyekuwa hospitali wiki ile amefungwa na makubaliano ambayo hakuyaona.

Uhakika wa tarehe mpya. Barua hii inadai uhakika mkubwa kuliko nyingine. Inafaa mzigo ukiwa umeshashushwa bandarini na kilichobaki ni kutoa, au meli iko karibu na siku za nyongeza ni chache. Katika mfano wetu, mzigo uko ghalani Guangzhou na haujapakiwa. Kumhesabu mtu kuwa amekubali tarehe ambayo wewe mwenyewe huna uhakika nayo ni kumwekea saini asiyoiweka.

Fedha. Hapa ndipo inapovutia. Tuseme kati ya wateja 40, 18 wanajibu watasubiri, 7 wanataka pesa, 15 hawajibu. Utarudisha kwa 7 tu, 1,050,000, na utabaki salama. Lakini wale 15 wanaweza kubadili mawazo siku yoyote, kwa hiyo shilingi 2,250,000 zao ni deni linalotembea na wewe hadi Mei. Muuzaji anayezitumia kuagiza mzigo mwingine amejiweka pabaya.

Asiyejibu. Kwa bidhaa ya kawaida haumii sana. Kwa bidhaa yenye siku yake, kama viatu vya shule au nguo za sikukuu, anaumia kabisa, kwa sababu anapokea kitu ambacho siku yake imepita na pesa yake haipo tena.

Kazi. Ni ndogo kuliko zote. Unatuma, unarudisha kwa wachache, unasubiri meli.

Barua hii huharibika kwenye ucheleweshaji wa pili. Mei 11 ikikaribia na kontena bado linasubiri forodha, muuzaji hushawishika kutuma barua ileile na tarehe nyingine. Wale 15 waliokaa kimya sasa wamecheleweshwa mara mbili bila kusema neno. Mara ya pili kimya chao hakiwezi tena kusomwa kama ridhaa. Yeyote asiyesema wazi kwamba anaendelea kusubiri, mrudishie.

Inamfaa muuzaji mwenye mzigo ulio karibu, wateja wanaomjua, na bidhaa isiyoharibika thamani kwa kuchelewa wiki mbili tatu.

## Barua ya kurudisha

Sentensi yake: *"Tusipopata jibu lako hadi Jumatano 25 Machi, tutafuta oda yako na kukurudishia shilingi 150,000 zote kabla ya Jumanne 31 Machi. Ukiitaka tena kabla ya 11 Mei, bei yako haitabadilika maadamu bado zipo."*

Huu ndio mwelekeo ambao sheria ya Marekani inauchukua pale ucheleweshaji unapokuwa mrefu. Tume ya Biashara ya huko, FTC, ina kanuni ya bidhaa zinazoagizwa kwa posta, simu au mtandao, iliyotolewa mwaka 1975. Inasema muuzaji asiyeweza kutuma mzigo kwa wakati aliotaja lazima amwarifu mteja na kumpa chaguo la kukubali kuchelewa au kufuta na kurudishiwa. Nyongeza ya kwanza ikiwa siku 30 au pungufu, kimya cha mteja kinahesabiwa kuwa amekubali. Ikizidi siku 30, au muuzaji akiwa hajui tarehe, kimya kinahesabiwa kuwa amefuta, na pesa inarudi. Mteja aliyelipa taslimu anapaswa kurudishiwa ndani ya siku saba za kazi. Tena, njia ya kujibu isimgharimu mteja kitu.

Kanuni hiyo inamfunga Mswahili anayeuza vitenge kutoka Columbus au Minneapolis kwa wateja wa Marekani. Haimfungi muuzaji wa Kariakoo. Hapa Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa huangalia makubaliano yenyewe kuona kama tarehe ilikuwa sharti la msingi, ndiyo maana tangazo lililosema "itakuwa mkononi mwako kabla ya Idi" lina uzito kuliko lililosema "takriban mwisho wa Machi". Lakini mpaka wa siku 30 naupenda kama kipimo cha kuazima, kwa sababu unafuata jinsi watu wanavyoishi. Kuchelewa wiki mbili ni usumbufu. Kuchelewa mwezi na zaidi ni biashara nyingine, na inahitaji ridhaa nyingine. Mfano wetu una siku 41, kwa hiyo kwa kipimo hicho kimya ni kurudisha.

Uhakika wa tarehe mpya. Barua hii haidai uhakika. Ukiwa hujui kabisa mzigo utafika lini, ndiyo pekee unayoweza kuiandika bila kuahidi usichokijua.

Fedha. Hapa ndipo inapouma. Kwa majibu yaleyale, 7 wanataka pesa na 15 wako kimya, jumla watu 22. Unahitaji 3,300,000, na uwezo wako ni 1,800,000. Pengo ni 1,500,000. Pengo hilo ni la muda, kwa sababu sufuria 22 bado zinakuja na ni zako, na zikiuzwa kwa bei ileile zinaleta 3,300,000 nyingine. Lakini Machi huwezi kumlipa mtu kwa sufuria iliyoko Guangzhou. Lazima uwe na akiba, ndugu wa kukukopesha, au kikundi cha kukopa. Usiahidi 31 Machi kama fedha hizo huna mkononi. Ahadi ya pili ikivunjika baada ya barua ya kuomba radhi, hakuna barua ya tatu itakayosomwa.

Asiyejibu. Anaumia kidogo, na anaumia kwa namna inayorekebishika: alitaka sufuria, akapata pesa. Akirudi akasema "mimi nilikuwa nasubiri", bei yake ipo. Aliye hatarini ni yule aliyebahatika kupata bei ya chini wakati sokoni imeshapanda, kwa hiyo usiiache ile sehemu ya kumshikia bei.

Kazi. Ni kubwa kuliko inavyoonekana, na iko kwenye kutuma pesa. Namba iliyolipa Januari huenda isiwe ya mteja: alilipa kupitia wakala, au kwa simu ya mume wake. Laini isiyotumika kwa muda mrefu mtandao huigawa kwa mtu mwingine, kwa hiyo ukituma kwa namba ya zamani unaweza kumpa pesa mtu ambaye hata hakujui. Kabla hujathibitisha muamala, simu hukuonyesha jina la mwenye laini. Lisome. Jina lisipolingana na la kwenye daftari lako la oda, simamisha na umpigie mteja kwa njia nyingine. Na gharama ya kutuma ni yako. Aliyelipa 150,000 akapokea 148,000 hakurudishiwa pesa yote, na atakuwa na haki ya kulalamika.

Inamfaa muuzaji mwenye akiba, au mwenye tarehe isiyoeleweka, au anayeuza bidhaa yenye siku yake. Pia inamfaa yule ambaye wateja wake hawamjui, waliomkuta kwenye tangazo tu. Kwa mgeni, kuona pesa imeingia bila kuomba ni jambo la kumfanya aagize tena.

## Barua ya kuuliza

Sentensi yake: *"Hatutafanya lolote na oda yako bila neno lako. Tusipopata jibu hadi Jumatano 25 Machi, tutakupigia. Tusipokupata kabisa hadi 4 Aprili, tutafuta oda na kukurudishia pesa yako yote."*

Utaona kwamba hata hii, mwishoni, ina hukumu ya kimya. Lazima iwe nayo. Barua ya kuuliza isiyo na mwisho hugeuka haraka kuwa barua ya kusubiri iliyojificha: muuzaji anasema "bado natafuta jibu lake" na pesa inaendelea kukaa kwake miezi.

Uhakika wa tarehe mpya. Inatosha uhakika wa kati. Unapoongea na mteja kwa simu unaweza kumweleza ukweli ambao barua haibebi vizuri: "Kontena halijajaa, wakala anasema wiki hii, nami sijaona namba yake bado." Mtu mzima akisikia hivyo anaamua vizuri kuliko anaposoma "tunatarajia".

Fedha. Katika mfano wetu ndiyo inayoingia kwenye uwezo. Chukua wale 15 waliokaa kimya. Ukiwapigia, tuseme 9 wanasema watasubiri, 4 wanataka pesa, na 2 hawapatikani kabisa. Waliotaka pesa sasa ni 7 wa mwanzo, hawa 4, na wale 2: watu 13, shilingi 1,950,000. Umezidi uwezo wako kwa 150,000 tu, yaani mtu mmoja, na hilo pengo wauzaji wengi huweza kuliziba kwa mauzo ya wiki. Linganisha na pengo la 1,500,000 la barua ya kurudisha. Tofauti yote imetoka kwenye simu, kwa sababu wengi wa wanaokaa kimya wana jibu, hawajalisema tu.

Hesabu yako inaweza kutoka vingine, na hilo ndilo la kuangalia. Ukipiga simu tano za kwanza na nne zinataka pesa, simama, piga hesabu upya, na utafute mkopo kabla hujaendelea.

Asiyejibu. Analindwa vizuri, ila anachelewa kupata pesa kwa wiki moja na nusu hivi kuliko kwenye barua ya kurudisha.

Kazi. Ni nyingi. Kwa wateja 40 inawezekana mtu mmoja akiwa na daftari: jina, kiasi alicholipa, namba iliyolipa, siku ya kutumiwa barua, siku ya kupigiwa, jibu, siku aliyorudishiwa na namba ya muamala. Kwa wateja 400 haiwezekani bila kuajiri. Na kuna hatari yake: anayepiga simu asiwe na maslahi ya kumshawishi mteja asubiri. Ukimwambia kijana wako "jitahidi wasidai pesa", chaguo ulilowapa watu kwenye barua umelifuta kwenye simu. Mpe sentensi moja ya kusoma, machaguo yote mawili kwa uzito uleule, kisha anyamaze asikilize.

Inamfaa muuzaji mdogo, mwenye wateja wanaofikika kwa simu, na fedha za kutosha kurudishia baadhi ila si wote kwa mkupuo.

## Barua yenyewe

Chochote utakachochagua, sehemu nyingine za barua hazibadiliki sana. Hii ni ya mfano wetu, nikitumia sentensi ya kuuliza:

> Ndugu mteja,
>
> Tunakuomba radhi. Sufuria ya presha uliyoilipia Januari haitakuwa tayari 31 Machi kama tulivyokuahidi.
>
> Kiwanda hakikumaliza mzigo kabla ya kufunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina, nasi tulikupa tarehe bila kuacha nafasi ya hilo. Leo mzigo uko ghalani Guangzhou, haujapakiwa. Tunatarajia kukukabidhi 11 Mei. Ukishapakiwa tutakujulisha.
>
> Tafadhali chagua:
>
> 1\. Nitasubiri hadi 11 Mei.
> 2\. Nirudishieni pesa yangu yote, shilingi 150,000.
>
> Jibu kwa kuandika 1 au 2, au tubipu kwenye namba hii tukupigie. Hatutafanya lolote na oda yako bila neno lako. Tusipopata jibu hadi Jumatano 25 Machi, tutakupigia. Tusipokupata kabisa hadi 4 Aprili, tutafuta oda na kukurudishia pesa yako yote.
>
> Ukichagua 2, pesa itatumwa ndani ya siku saba kwenye namba iliyolipa, kwa jina la duka letu, na gharama ya kutuma ni yetu. Hatutakuomba namba ya siri wala kukutaka utume chochote kwanza.

Mambo machache kuhusu barua hii. Sababu imesemwa kwa sentensi moja, na sehemu yetu ya kosa imo ndani yake. "Mambo yaliyo nje ya uwezo wetu" hayamwambii mteja kitu, na Mwaka Mpya wa Kichina si jambo la ghafla; kalenda yake inajulikana miaka mbele. Kusema mzigo haujapakiwa kunamuuma muuzaji kuandika, lakini bila hilo mteja anachagua gizani.

Machaguo mawili yana urefu unaolingana na jibu lake ni tarakimu moja. Nimeona barua ambazo kusubiri ni kubonyeza tu, na kurudishiwa ni kujaza fomu, kuambatisha risiti na picha ya kitambulisho. Hilo si chaguo tena. Kadhalika vocha ya kununulia dukani: unaweza kumwongezea anayesubiri zawadi au kumpunguzia nauli ya kuletewa, lakini kwa anayetaka pesa, pesa ni pesa.

Maneno ya namba ya siri yamo kwa sababu barua kama hii husambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na matapeli huifuata. Wanampigia mteja wakijifanya ni duka, "tuthibitishie namba tukurudishie". Mteja aliyeambiwa mapema atakata simu.

Mwisho, siku ya kutuma. Barua hii ilipaswa kutoka Jumatatu 16 Machi. Idi el-Fitri mwaka huo iliangukia mwishoni mwa wiki hiyohiyo, na watu wako safarini na kwenye maandalizi. Ndiyo maana siku ya mwisho ya kujibu imewekwa 25 Machi. Ukiweka siku tatu tu katikati ya sikukuu, utapata kimya kingi ambacho hakimaanishi chochote.

## Kulingana na hali yako

Mzigo umeshashushwa bandarini na umebakiza siku kumi na tano kuukabidhi: andika barua ya kusubiri, na uache wazi haki ya kubadili mawazo.

Hujui tarehe, au wakala amekupa tarehe mbili tofauti ndani ya wiki moja: andika barua ya kurudisha hata kama itakubana. Kama fedha hazitoshi kwa wote, sema hivyo kwenye barua na utoe ratiba yenye tarehe, ukianza na waliotangulia kulipa. Mteja aliyeambiwa "pesa yako ni 14 Aprili" na ikafika tarehe hiyo ametendewa vizuri kuliko aliyeahidiwa "haraka iwezekanavyo".

Bidhaa ina siku yake, na siku hiyo itapita: rudisha kwa asiyejibu, bila kujali mzigo uko wapi. Wanaotaka kusubiri viatu vya shule hadi Machi watakuambia wenyewe.

Uko kama muuzaji wa mfano wetu, wateja makumi machache, namba zao unazo, akiba inatosha robo yao hivi: barua ya kuuliza. Tenga jioni tatu za kupiga simu kabla ya kuituma, na umwambie mapema mtu atakayekukopesha kwamba huenda ukamhitaji.

Una wateja mamia, na majibu yatapokewa na mtu mmoja: usijaribu kuuliza kwa simu. Wagawe. Waliolipia bidhaa iliyoko melini wapate barua ya kusubiri, waliolipia iliyoko ghalani wapate ya kurudisha, na kila barua itaje mzigo wa mteja huyo uko wapi.

Na kama hii ni mara ya pili unawaandikia watu walewale kuhusu mzigo uleule, machaguo yamekwisha pungua. Wanaosubiri ni wale tu watakaoandika 1 tena. Waliobaki wote warudishie pesa zao.